Majina 431, yakafika 147

Simu mpya ilikuwa mkononi, ya zamani nilikuwa nimeshaifuta yote na kumpa mdogo wangu, nami nilijiona mjanja. Niliingiza akaunti yangu ya Google, nikasubiri dakika chache, majina yakaanza kumiminika. Nikaishusha orodha haraka kwa kidole, nikaona imeanzia A ikaishia Z, nikaridhika. Sikuhesabu.

Kesho yake asubuhi nilimtafuta dada yangu. Nimemwandika "Da Mkubwa" tangu simu yangu ya kwanza kabisa. Simu haikumjua. Nikajaribu "Dada", nikajaribu jina lake halisi, hakuna. Nikarudi kwenye orodha, safari hii nikasoma yale maandishi madogo ya juu ambayo huwa hatuyasomi: 147. Simu ya zamani ilikuwa ikiandika 431 mahali pale pale. Namba ile naikumbuka vizuri kwa sababu wiki moja kabla nilikuwa nimetaniwa kwamba najua watu 431 na hakuna hata mmoja anayenipigia.

Kwa hiyo majina 284 hayakusafiri. Nilichoshindwa kuelewa siku ile ni kwamba hayakupotea njiani. Hayakuwahi kuanza safari.

Orodha ya majina katika simu janja hutudanganya kwa wema. Inakuonyesha watu wako wote kwa mpangilio wa alfabeti kana kwamba wanakaa nyumba moja, kumbe wanakaa nyumba tatu tofauti na ile orodha ni dirisha tu linalozitazama zote kwa pamoja. Nyumba ya kwanza ni kadi ya laini yenyewe: ndani ya ile kadi kuna nafasi ndogo ya kuandika majina na namba, na majina hayo huenda popote kadi inapokwenda. Nyumba ya pili ni kumbukumbu ya simu: majina yanakaa ndani ya kifaa na hayatoki humo mpaka uyatoe. Nyumba ya tatu ni akaunti ya mtandaoni: jina linaandikwa kwenye simu, kisha simu inalipeleka kwenye akaunti, na simu yoyote utakayoingiza akaunti hiyo italivuta.

Nilipokaa kitako na kuikumbuka historia yangu, mgawanyo wa majina yangu ulikuwa wazi kabisa. Miaka ya simu ya batani nilihifadhi kila mtu kwenye laini, maana wakati huo ndivyo tulivyofanya wote. Nilipopata simu janja ya kwanza, siku ya kwanza kabisa nilipoandika jina jipya iliniuliza nataka lihifadhiwe wapi. Nilibonyeza la juu kabisa ili niendelee na shughuli zangu, nalo lilikuwa Phone. Simu ikalishika jibu hilo kama amri ya kudumu, haikuniuliza tena. Baadaye, nakumbuka nilipofungua barua pepe kwenye simu ile, mahali pa kuhifadhia pakawa akaunti, na kuanzia hapo majina mapya yakaenda mtandaoni bila mimi kujua. Tabaka tatu za maisha yangu, na ni la mwisho tu lililokuwa na miguu ya kutembea.

Sasa utauliza, ya kwenye laini kwa nini hayakuonekana, wakati laini niliihamishia kwenye simu mpya? Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo sikujua ni kosa. Simu mpya ilitaka kadi ndogo zaidi, ile ya nano, na yangu ilikuwa kubwa ya zamani. Nikaenda kubadilishiwa, nikapewa kadi mpya yenye namba ile ile. Namba ilikuwa yangu, salio lilikuwa langu, ujumbe uliingia kama kawaida, lakini kadi ilikuwa tupu. Kampuni ya simu inaihamisha namba yako kwenye kadi mpya kwa kubadilisha kumbukumbu zake upande wa mtandao. Majina hayamo katika kumbukumbu hizo. Yamo kwenye kipande kile cha plastiki ulichokitoa, na hakuna mtu anayeyanakili kwa niaba yako.

Bahati yangu ni kwamba mimi si mtu wa kutupa vitu. Kadi ya zamani niliikuta kwenye droo, katikati ya betri zilizokufa na funguo zisizo na kufuli. Nilikuwa nimeambiwa haifanyi kazi tena, na kweli kupiga haikuweza. Lakini kusomwa ni jambo jingine: simu haihitaji mtandao ili kusoma majina yaliyomo ndani ya kadi. Niliazima simu ya zamani yenye tundu kubwa, nikaipachika. Juu ya kioo ikaandika kwamba hakuna huduma, nami nikaingia kwenye programu ya majina, nikachagua Import, kisha SIM card, na majina 163 yakajipanga mbele yangu, Da Mkubwa akiwemo. Kama uliweka namba ya siri kwenye kadi, utaulizwa hiyo kwanza, basi iwe kichwani mwako. Tangu siku hiyo kadi ya zamani haitoki nyumbani kwangu mpaka majina yake yaonekane mahali pengine.

147 na 163 ni 310. Kwenye 431 zinabaki 121, na hizo ndizo zilizokuwa kwenye kumbukumbu ya simu niliyoifuta kwa mikono yangu. Mdogo wangu alinirudishia ile simu niiangalie, akasimama pembeni kwa huruma, lakini hapakuwa na la kuangalia. Kuirudisha simu katika hali ya kiwandani hufuta kila kilichohifadhiwa ndani ya kifaa, na kumbukumbu za nani alinipigia zilikwenda na maji hayo hayo.

Nilitegemea WhatsApp ingeniokoa, kwa sababu mazungumzo yangu yalirudi yote kutoka kwenye nakala ya mtandaoni. Yalirudi, ila bila majina. Programu ile ilikuwa ikiyasoma majina kutoka kwenye orodha ya simu, na orodha isipokuwa na jina, inakuonyesha namba tupu. Nikawa mpelelezi wa maisha yangu mwenyewe: nafungua mazungumzo, nasoma tulichoandikiana, nakisia ni nani. "Mzee ule mchanga umefika" ni nani huyu? Kwenye vikundi kulikuwa na nafuu kidogo, kwani mtu usiyemhifadhi huonekana kwa jina alilojipa mwenyewe, lenye alama ya ~ mbele yake. Shida ni kwamba watu hujiita wanavyotaka, na mimi nina angalau watu wanne wanaojiita "Mungu ni Mwema". Kwa njia hiyo niliokoa 68 katika muda wa miezi miwili. Wengine 53 sijawapata mpaka leo, na baadhi yao hata siwakumbuki ni akina nani, jambo ambalo pengine nalo lina maana yake.

Baada ya hapo nilijifunza kufanya kazi hii kwa utaratibu, na hatua ya kwanza haina uhusiano wowote na kunakili. Ni kuhesabu kila nyumba peke yake. Kwenye programu ya majina kuna mahali pa kuchagua orodha ionyeshe nini. Kwenye simu nyingine pameandikwa Contacts to display, kwenye nyingine unagusa picha yako au vistari vya pembeni halafu unachagua akaunti. Unachagua laini peke yake, unaandika idadi. Unachagua simu peke yake, unaandika. Unachagua akaunti, unaandika. Karatasi inatosha. Usitegemee ile jumla ya juu, kwa sababu simu ikiona jina moja katika nyumba mbili huweza kuyaunganisha na kuyahesabu kama mtu mmoja, na hesabu yako ikakataa kulingana bila kujua kwa nini.

Ukishajua ni nyumba zipi zina watu, kazi ni kuwakusanya wote kwenye ile moja inayotembea. Ya laini unayaleta kwa Import, na hapo ndipo simu itakuuliza unataka kuyaweka wapi. Soma swali hilo polepole. Ukijibu Phone, umewatoa watu kwenye nyumba moja na kuwapeleka kwenye nyingine isiyotembea. Jibu ni akaunti yako, ile ambayo neno lake la siri unalijua kweli, si ile uliyofunguliwa na mtu siku uliponunua simu ukaisahau.

Ya kwenye simu nayatoa kwa njia ya faili. Unachagua Export, simu inatengeneza faili moja lenye mkia wa .vcf, na faili hilo unaweza kulituma kwa barua pepe, kuliweka kwenye memori kadi, au kulipeleka simu nyingine kwa Bluetooth. Halafu unalifungua kwa Import na kulielekeza kwenye akaunti. Napenda njia hii kuliko ile ya kuwasha swichi ya kupeleka majina ya simu mtandaoni kimyakimya, iitwayo Also sync device contacts kwenye mipangilio ya Google. Swichi ile ni nzuri na hufanya kazi, lakini faili nina uwezo wa kulishika na kulitazama. Ndani yake hakuna uchawi, ni maandishi ya kawaida. Kila mtu anaanza na kuishia hivi:

```
BEGIN:VCARD
VERSION:2.1
N:;Mama Salma;;;
FN:Mama Salma
TEL;CELL:0000000000
TEL;HOME:0000000001
END:VCARD
```

Mama Salma ana namba mbili, na zote zimekaa chini ya jina lake. Kwa kuwa kila mtu ana mstari mmoja tu wa BEGIN:VCARD, kuhesabu mistari hiyo ni kuhesabu watu. Mwenye kompyuta ya Linux au Mac anaweza kuandika hivi na kupewa idadi papo hapo:

```
grep -c "BEGIN:VCARD" majina.vcf
```

Asiye na kompyuta anatazama idadi baada ya kuingiza. Muhimu ni ilingane na ile ya kwenye karatasi. Na kama jina lina herufi zenye alama juu yake, ukaliona kwenye faili limegeuka kuwa mfululizo wa alama za =, herufi na namba, usishtuke; ndivyo toleo la 2.1 linavyoandika herufi hizo, na simu itakayolisoma vizuri itazirudisha. Ukiziona alama hizo zimebaki vilevile kwenye orodha ya simu mpya, hapo ndipo ujue haikuzielewa.

Mwisho, kabla simu ya zamani haijaguswa, naingia contacts.google.com kwa kifaa kingine kabisa. Si simu mpya wala ya zamani, kifaa cha tatu. Nikiyaona majina huko, na idadi yake, najua yako mtandaoni kweli. Jina linaloonekana kwenye simu uliyoliandikia halithibitishi kitu, linaweza kuwa bado linasubiri bando.

Nilijiona nimehitimu, mpaka shangazi aliponiita.

Shangazi alikuwa amenunuliwa simu janja na watoto wake, naye alikuwa na kitochi alichokaa nacho miaka mingi. "Mwanangu," akaniambia, "mimi sina shida. Majina yangu yote yako kwenye laini. Niliambiwa zamani laini ndiyo salama. Toa huku, tia huku."

Nikachukua kitochi, nikahesabu. Kwenye laini majina 198, na kwenye kumbukumbu ya simu 64 ambayo hakujua kama yapo. Menyu ya hali ya kumbukumbu ikaonyesha kwamba laini inabeba majina 250. Huo ndio ukubwa wa kawaida wa kadi nyingi, ingawa zipo zenye zaidi na zenye pungufu. Zilibaki nafasi 52. Njia ya haraka ingekuwa kuyanakili yale 64 kwenda kwenye laini, halafu kuihamisha laini kwenye simu mpya na kuvuta yote kwa mkupuo. Lakini 64 hayaingii kwenye 52. Simu ingejaza mpaka ikwame, watu 12 wangebaki nyuma, na kitochi hakikuambii ni akina nani.

Tena kwenye menyu ile kuna maneno mawili yanayokaa jirani, Copy na Move. La kwanza linaacha asili mahali pake. La pili linaifuta. Ukichagua la pili na kazi ikakwama katikati, una watu nusu huku na nusu kule, na hakuna orodha nzima tena popote. Mimi Move siligusi, hata siku nikiwa na haraka.

Nikaamua kujaribu jina moja kwanza. Nilichagua refu kwa makusudi, "Mwalimu Rehema wa Kwaya", nikalinakili kwenda kwenye laini, nikalifungua huko. Likasomeka "Mwalimu Rehema". Kwaya imeondoka. Kadi ile ilitoa nafasi ya herufi 14 tu kwa kila jina, ukihesabu na nafasi tupu baina ya maneno, na kilichozidi hukatwa bila onyo. Kadi nyingine hutoa zaidi kidogo, lakini zote zina kikomo. Zaidi ya hapo, kila mstari kwenye laini kwa kawaida hubeba namba moja tu. Mama Salma mwenye namba mbili angekuwa Mama Salma wawili, na barua pepe au picha, kama angekuwa nayo, isingepita kabisa.

"Shangazi," nikamuuliza, "haya majina ya kwenye laini, uliyaandika moja kwa moja huko au yalitoka simu nyingine?"

"Yalitoka kwenye ile simu yangu nyekundu. Binamu yako ndiye aliyehamisha."

Hapo nikaelewa kwa nini orodha yake ilikuwa na "Fundi Mabomba" wawili. Sio kwamba aliandika mara mbili. Hesabu mwenyewe: Fundi ni herufi 5, nafasi 1, Mabomba 7, nafasi 1. Zimetimia 14. Mmoja alikuwa Fundi Mabomba Juma na mwingine Fundi Mabomba Salehe, na siku ile binamu alipohamisha, wote wawili walikatwa shingo mahali pale pale. Sisi tunavyoandika majina, tabia yetu ni kuanza na cheo au uhusiano na kumalizia na kinachomtofautisha mtu, Mama fulani wa mahali fulani, Baba fulani mpya, Baba fulani wa zamani. Kinachomtofautisha mtu ndicho kinachokaa mkiani, na mkia ndio unaokatwa.

Basi nikagawa kazi. Yale 198 ya kwenye laini, ambayo yalikuwa yameshakatwa zamani na hayawezi kukatwa zaidi, niliyachukua kwa kuipachika kadi kwenye simu mpya. Tundu lilipokea kadi ya nano na ya shangazi ilikuwa na alama za kukatika, ikabanduliwa ikawa ndogo bila kubadilishwa. Nikaenda Import, SIM card, nikachagua akaunti tuliyomfungulia, majina 198 yakaingia. Na lile jaribio la Mwalimu Rehema nilikuwa nimelifuta kwenye laini kabla, maana lingeingia kama mtu wa 199 na kunivurugia hesabu.

Yale 64 sikuyapitisha kwenye laini. Kitochi chake kilikuwa na Bluetooth na uwezo wa kutuma jina moja moja kama kadi ya mtu, yaani faili lile lile la .vcf lenye mtu mmoja ndani. Nikaoanisha simu mbili, nikaanza. Fungua jina, tuma, kubali upande wa pili, fungua faili, chagua akaunti, hifadhi. Kila moja ilichukua karibu nusu dakika. Jioni nzima iliishia hapo, shangazi akinisimulia kila mtu anapopita: huyu tulisoma naye, huyu ana deni langu, huyu alishafariki lakini usimfute. Nisingeweza kumfuta. Mwalimu Rehema wa Kwaya aliingia na kwaya yake nzima. Kama kitochi kisingekuwa na Bluetooth, ningeyaandika kwa mkono, na kwa majina 64 bado ningeona ni nafuu kuliko kuyakata.

198 na 64 ni 262. Nikafungua akaunti kwenye kompyuta ndogo ya binamu, nikaona 262. Nikapumua.

Halafu simu mpya, kwa moyo safi kabisa, ikatoa pendekezo: kuna majina yanayojirudia, je, iyaunganishe? Pameandikwa Merge & fix, na karibu yake kuna kitufe cha kukubali yote kwa mkupuo. Mengi kati ya mapendekezo yale yalikuwa sahihi. Kulikuwa na watu waliohifadhiwa kwenye laini na kwenye simu pia, jina lile lile na namba ile ile. Ila nilipoyapitia moja moja nikakutana na Fundi Mabomba na Fundi Mabomba. Simu iliona jina moja na namba mbili, ikahitimisha kwamba ni mtu mmoja mwenye laini mbili. Ningebonyeza kukubali yote, mafundi wawili wangekuwa fundi mmoja, na shangazi angempigia Juma akidhani anazungumza na Salehe mpaka mmojawapo afike mlangoni. Chanzo cha kosa ni mkato wa herufi 14 wa miaka ile, lakini ungefungwa rasmi siku hii.

Nikamuuliza yupi ni yupi. Akafikiri. "Salehe namba yake inaishia na saba saba. Huyo mwingine basi ni Juma." Tukayarudishia majina mikia yake, mmoja baada ya mwingine. Safari hii nilianza na kinachowatofautisha: "Juma Fundi Mabomba", "Salehe Fundi Mabomba". Yakija kukatwa tena siku moja, wenyewe watabaki, mabomba ndiyo yatakayopungua. Yale ya kweli yanayojirudia tukayaunganisha, yalikuwa 31, tukabaki na watu 231.

Kuna jambo moja lililokaribia kuniharibia kazi yote, na halikutoka kwa shangazi bali kwa binamu. Wakati naendelea na kitochi, yeye alikuwa ameamua kuisafisha simu janja yake ya zamani ili amuuzie rafiki yake. Alikuwa amechagua majina yote, kidole kiko juu ya Delete. Nikamshika mkono. Akaunti yake ilikuwa bado imo kwenye simu ile. Kufuta majina kwenye orodha wakati akaunti imo si kuisafisha simu, ni kuiambia akaunti kwamba humtaki mtu huyu tena, nayo itapeleka habari hiyo kwenye simu zako nyingine zote. Angelala na orodha kamili kwenye simu mpya, akaamka haina mtu.

"Sasa nisafishe vipi?" akauliza.

"Kwanza itoe akaunti kwenye simu hiyo. Halafu irudishe kiwandani. Majina yatafutika kwenye simu, kwenye akaunti yatabaki."

Ambaye ameshafuta asikate tamaa, mradi awahi. Majina yaliyofutwa kwenye akaunti ya Google hukaa kwenye pipa la taka, Trash, kwa siku 30. Pia kwenye ukurasa ule wa contacts.google.com kuna Undo changes, inayoirudisha orodha nzima ilivyokuwa wakati fulani ndani ya siku 30 zilizopita. Mimi ningeitumia hiyo kwa aliyevuruga muungano wa majina, ambapo hakuna kilichofutwa cha kukiokota kwenye pipa. Lakini angalia, Undo changes huondoa na majina mapya uliyoyaongeza baada ya wakati huo. Yale ya kwenye laini na kwenye kumbukumbu ya simu hayana pipa la aina hiyo kwenye akaunti, kwa sababu akaunti haikuwahi kuyajua.

Wanaohamia iPhone nao huniuliza, na jibu langu ni fupi. iPhone inasoma majina ya kwenye laini, kuna kitufe cha Import SIM Contacts kwenye mipangilio ya majina, lakini haiandiki chochote kwenye laini. Anayedhani siku moja atarudi nyuma kwa kuyarudisha majina kwenye kadi, asitegemee njia hiyo. Aongeze akaunti yake kwenye simu na kuiruhusu kuleta majina, basi.

Kitochi cha shangazi sikukifuta. Kadi tuliiacha kwenye simu mpya ikiwa na majina yake 198 vilevile, na kitochi kikarudi kabatini na 64 zake, kimezimwa, betri imetolewa. Nilimwambia kikae hapo miezi mitatu. Wiki ya pili akanipigia, kwa mara ya kwanza kwa simu mpya.

"Mwanangu, kuna mtu hapa ameandikwa 'Mama Zuhura Mtaa'. Mtaa gani?"

Nikahesabu kwa vidole. M-a-m-a, nafasi, Z-u-h-u-r-a, nafasi. Hizo ni 12. Herufi mbili tu zingebaki kwa Mtaa, si nne. Hilo halikukatwa na kadi.

"Shangazi, huyo umemwandika mwenyewe hivyo."

Akanyamaza kidogo. "Ngoja nimpigie nimuulize anakaa wapi."